Kutoka Nairobi Kwenda Dar: Barua ya Ofa ya Mfanyakazi Anayevuka Mpaka

Barua ya ofa ya mfanyakazi anayepelekwa kituo cha kazi nje ya nchi yake hubeba mzigo mkubwa kuliko barua ya ajira ya kawaida. Mtu akiajiriwa Nakuru afanye kazi Nakuru, barua yake inaweza kuwa ya ukurasa mmoja na asiumie sana, kwa sababu sheria ya ajira hujaza kilichoachwa: siku za likizo, muda wa notisi, malipo ya kupunguzwa kazi. Akivuka mpaka, sheria ya kwao humsindikiza hadi mahali fulani, sheria ya ugenini humpokea kwa masharti yake, na katikati hubaki mambo ambayo sheria zote mbili huyagusa kidogo au haziyagusi kabisa. Nyumba, kodi, familia na safari ya kurudi mara nyingi huangukia hapo katikati. Yasipoandikwa kwenye barua, huamuliwa na atakayekuwa na nguvu siku ugomvi utakapotokea.

Njia ya Nairobi kwenda Dar es Salaam ni mfano mzuri wa kulieleza jambo hili, maana kampuni nyingi za Kenya zina matawi au kampuni tanzu Tanzania na hupeleka watu wao huko kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Tuchukue mhasibu wa Nairobi ambaye ameitumikia kampuni yake miaka sita. Ana mume na watoto wawili wa shule ya msingi, na familia ina nyumba yake Nairobi. Anaambiwa aende kampuni tanzu ya Dar kwa miaka miwili, kwa mshahara wa shilingi za Tanzania milioni 6 kwa mwezi, na barua yake ina sentensi moja inayompendeza kila anayeisoma: “Kampuni itakupatia nyumba.” Mhasibu huyu ni wa mfano tu, lakini sheria zinazomgusa ni za kweli.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamlinda mapema. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri, kama mfanyakazi atakuwa nje ya Kenya kwa zaidi ya mwezi mmoja, aandike mambo manne: atakaa huko muda gani, atalipwa kwa sarafu ipi, ataongezewa malipo na mafao gani kwa sababu ya kuwa nje, na atarudi Kenya kwa masharti gani. Upande wa pili wa mpaka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inataka maelezo ya maandishi, yakiwemo mahali mfanyakazi alipoajiriwa na mahali atakapofanyia kazi. Hilo la mahali pa kuajiriwa linaonekana dogo, lakini litarudi kwa uzito mkubwa safari ya kurudi itakapofika.

Kabla ya fedha, barua inapaswa kusema nani ni mwajiri. Kuna njia mbili. Mfanyakazi anaweza kuazimwa: mkataba wake wa Nairobi unabaki hai, anafanya kazi chini ya wakubwa wa Dar, na muda ukiisha anarudi kwa mwajiri wake yuleyule. Au anaweza kuhamishwa: anaacha kazi Nairobi na kuajiriwa upya na kampuni ya Dar. Kwa mtu anayehama na masanduku yake, njia hizi hufanana. Kwenye miaka ya utumishi hazifanani hata kidogo. Mfanyakazi anayepunguzwa kazi Kenya hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, kwa hiyo mhasibu wetu ana haki inayofikia siku 90 kabla hata hajapanda ndege. Kiinua mgongo cha Tanzania ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, kisichozidi miaka 10, nacho huanza kuhesabiwa baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo. Akiandika barua ya kuacha kazi Nairobi ili aajiriwe Dar, ile miaka sita inafutika na anaanza sifuri kwa kipimo cha chini zaidi. Dawa yake ni sentensi moja: utumishi unahesabiwa kuwa haukukatika tangu siku ya kwanza aliyoajiriwa Nairobi. Na kama mkataba na mwajiri wa nje unatiwa saini ukiwa Kenya, sheria ya Kenya inautaka uthibitishwe na ofisa wa kazi, hatua ambayo hurukwa kwa urahisi pale kampuni mbili zinapokuwa za mmiliki mmoja.

Baada ya hapo kuna vibali. Mkenya haruhusiwi kuanza kazi Tanzania kwa barua ya ofa pekee. Anahitaji kibali cha kazi, na kibali cha ukaazi cha daraja B. Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inatoa kibali cha kazi cha miezi 24, kinachoweza kuhuishwa, lakini kwa jumla muda una ukomo wake. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeishika nafasi hiyo. Maana yake ni kwamba kurudi kwa mhasibu kumeshapangwa kisheria tangu siku anayoingia, na barua inayosema “utakaa Dar hadi itakapoamuliwa vinginevyo” haiendani na hali halisi. Barua nzuri huweka tarehe ya mwisho, hufanya ofa itegemee kupatikana kwa vibali, na husema nani anavigharamia na mfanyakazi atalipwa nini akiwa bado anavisubiri Nairobi.

Sasa ile sentensi ya nyumba. Ina mashimo mengi kuliko inavyoonekana. Nyumba ya wapi, yenye vyumba vingapi, ya thamani gani, ina samani au tupu, nani analipa umeme, maji na mlinzi? Wenye nyumba wengi wa Dar hutaka kodi ya pango ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kama barua inatoa posho ya nyumba ya kila mwezi badala ya nyumba yenyewe, mfanyakazi anaweza kujikuta anatakiwa kutoa mamilioni wiki ya kwanza, huku posho ikimfikia kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Anahitaji kuandikiwa kwamba kampuni itamlipia mwenye nyumba mkupuo huo moja kwa moja, au itamkopesha bila riba. Sarafu nayo ina neno lake. Kwa muda mrefu nyumba za Masaki na Oysterbay zilitajwa kwa dola, lakini kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani ya Tanzania kufanywa kwa fedha za kigeni. Barua iliyonakiliwa kutoka kwenye faili la zamani, yenye kiwango cha nyumba kwa dola, inahitaji kueleza dola hiyo itageuzwa shilingi kwa bei ya siku gani.

Shimo kubwa kuliko yote ni kodi ya mapato. Nyumba anayopewa mfanyakazi ni sehemu ya pato lake, na pato hutozwa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inaeleza jinsi ya kuithamini. Kwanza huangaliwa kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili: asilimia 15 ya jumla ya pato la mfanyakazi, au gharama ya nyumba ambayo mwajiri anaitoa kwenye faida yake kabla ya kutozwa kodi. Kiasi hicho hulinganishwa na kodi ya pango ya sokoni, kisha kidogo kati yao ndicho kinachoongezwa kwenye pato la mfanyakazi.

Tuseme kampuni inampangia mhasibu wetu nyumba Mikocheni kwa shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Asilimia 15 ya mshahara wake ni 900,000. Gharama ya mwajiri ni milioni 2.5, nayo ndiyo kubwa. Bei ya soko ni hiyohiyo milioni 2.5. Kwa hiyo milioni 2.5 yote inaingia kwenye hesabu. Ingekuwa nyumba ni mali ya kampuni, na gharama inayodaiwa juu yake ni ndogo, thamani ingeweza kushuka hadi zile 900,000. Nyumba zilezile mbili, mtaa uleule, na mfanyakazi anakatwa kodi tofauti kabisa kwa sababu tu ya nani mwenye nyumba.

Mkazi wa Tanzania Bara mwenye pato la zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi hukatwa 128,000 kwa ile milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya kila kinachozidi. Tukiweka kando michango ya hifadhi ya jamii ili hesabu iwe nyepesi, mshahara wa milioni 6 pekee unakatwa 1,628,000. Ukiongeza nyumba, pato linakuwa milioni 8.5 na kodi inafika 2,378,000. Nyumba ya “bure” imemgharimu mhasibu shilingi 750,000 kila mwezi, milioni 9 kwa mwaka, na fedha hizo zinatoka kwenye mshahara wake wa fedha taslimu kwa sababu nyumba haikatwi tofali likapelekwa kwa mamlaka ya mapato. Mtu aliyepanga maisha yake kwa kuitazama ile milioni 6 hushtuka mshahara wa kwanza unapoingia.

Kampuni inaweza kukubali kuibeba kodi hiyo, na zipo zinazofanya hivyo. Lakini kodi ambayo mwajiri anamlipia mfanyakazi nayo ni pato, inatozwa kodi tena. Ili mhasibu asipoteze hata shilingi kwa sababu ya nyumba, kampuni haitoi 750,000 bali takriban 1,071,000, kwa maana milioni 2.5 inagawanywa kwa 0.7 ndipo ipatikane jumla ambayo ikikatwa asilimia 30 inabaki milioni 2.5 kamili. Tofauti ya zaidi ya laki tatu kwa mwezi ndiyo hufanya idara ya fedha irudi nyuma baadaye na kudai kwamba ahadi ilikuwa tofauti. Kwa hiyo barua isiseme “kampuni itagharamia kodi” ikaishia hapo. Iseme kodi ya nyumba italipwa na kampuni, pamoja na kodi itakayotokana na malipo hayo yenyewe, na iseme pia kama milioni 6 ni kabla ya makato au ni fedha ya kufika mkononi.

Kuna kodi ya upande wa pili, ambayo wengi huisahau kwa kuwa wameshaondoka. Kwa sheria ya Kenya, mtu mwenye makazi ya kudumu Kenya akikanyaga nchini humo hata siku chache ndani ya mwaka, ni mkazi kwa mwaka huo. Mhasibu wetu hajauza nyumba yake ya Nairobi, na Krismasi atarudi. Bado ni mkazi wa Kenya kikodi, na mkazi hutozwa kodi kwa mapato ya ajira hata yaliyopatikana nje. Wakati huohuo Tanzania nayo inamhesabu mkazi akifikisha siku 183 ndani ya mwaka. Amekuwa mkazi wa nchi mbili kwa mshahara mmoja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010, lakini haujaanza kutumika, kwa hiyo hauwezi kumsaidia.

Kinachomsaidia ni sheria ya Kenya yenyewe, inayomruhusu raia wake aliyelipa kodi ya ajira ugenini kuipunguza kwenye kodi ya Kenya ya pato hilohilo, ila isizidi kodi ambayo Kenya ingemtoza. Kwa mishahara ya kiwango hiki, viwango vya nchi hizi mbili vinakaribiana, na mara nyingi kinachobaki kulipwa Kenya ni kidogo. Lakini nafuu hiyo haiji yenyewe. Lazima awasilishe ritani Kenya na aambatanishe uthibitisho wa kodi iliyokatwa Tanzania. Akikosa karatasi hizo, anadaiwa kana kwamba hajalipa kitu. Barua inayofaa hueleza mshahara utatoka kwenye orodha ya malipo ya nchi ipi, inamwahidi mfanyakazi cheti cha makato ya kodi kila mwaka, na inamlipia mshauri wa kodi katika nchi zote mbili kwa mwaka wa kwenda na mwaka wa kurudi, kwa sababu miaka hiyo miwili, ambayo mtu amegawanyika kati ya nchi, ndiyo yenye matatizo. Michango ya uzeeni nayo itajwe hapohapo: Tanzania hutaka jumla ya asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi akikatwa si zaidi ya nusu yake, na bila maelezo mtu huweza kujikuta anachangia nchi mbili au mfuko wake wa Nairobi umelala miaka miwili.

Katika mambo ya familia, swali la kwanza ni nani anahesabiwa kuwa familia. Kampuni nyingi humaanisha mwenzi mmoja na watoto walio chini ya umri fulani. Mama mzazi anayeishi na mfanyakazi, au mtoto wa ndugu anayelelewa humo ndani, hayumo mpaka atajwe. Sheria ya kodi ya Tanzania ina mpaka wake pia: nauli ya mfanyakazi aliyeajiriwa kutoka mbali, mwenzi wake na watoto hadi wanne, ya kwenda na kutoka kituo cha kazi, haihesabiwi kuwa pato lake, na matibabu hufuata idadi hiyohiyo pale yanapotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Mtoto wa tano anaweza kulipiwa na kampuni, lakini nauli yake inakuwa pato la kutozwa kodi. Ada ya shule haikuingizwa kwenye msamaha huo wa nauli na matibabu, kwa hiyo ikilipwa na mwajiri hesabu yake inafanana na ya nyumba, na inahitaji sentensi ileile kuhusu nani anabeba kodi.

Ada yenyewe inataka maelezo ya kina zaidi ya neno “shule”. Watoto wa mhasibu wanasoma mtaala wa Kenya na watarudi kwenye mtaala huo baada ya miaka miwili. Shule za serikali za msingi za Tanzania hufundisha kwa Kiswahili na kwa mtaala wake, na wazazi wengi wanaohamishwa huchagua shule za kimataifa ambazo ada yake kwa mtoto mmoja inaweza kuzidi kodi ya nyumba. Barua itaje kiwango cha juu kwa kila mtoto, iseme kama kinajumuisha usafiri, sare na ada ya kujiunga isiyorudishwa, na iseme nini kitatokea mzazi akirudishwa katikati ya muhula.

Mume wa mhasibu ana shida yake. Anaingia Tanzania kwa pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya mwenzi anayeandamana na mfanyakazi kuajiriwa, lakini kwa vitendo bado anahitaji kibali chake mwenyewe. Familia iliyokuwa na mishahara miwili inakwenda kuishi kwa mmoja. Kampuni makini huliona hilo na kugharamia maombi ya kibali cha mwenzi au kutoa posho ya kufidia sehemu ya pato lililopotea. Isiyoliona hupoteza mfanyakazi ndani ya miezi michache, kwa sababu ndoa haiwezi kusubiri miaka miwili ya madeni.

Masharti ya kurudi ndiyo yanayostahili kusomwa kwanza, japo huwekwa mwisho wa barua na kwa maneno machache. Sheria ya Tanzania, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi mahali alipoajiriwa pale mkataba unapoishia mahali pengine: amsafirishe yeye na mizigo yake, au alipie usafiri huo, au ampe posho ya safari. Akichelewesha, anadaiwa posho ya kujikimu ya kila siku kuanzia siku mkataba ulipoisha hadi siku ya kusafirisha familia. Ni ulinzi wa kweli, na madai ya posho hiyo yamefika mahakamani mara nyingi. Lakini una mipaka miwili. Kima cha chini cha posho ya safari ni nauli ya basi hadi kituo cha basi kilicho karibu na mahali alipoajiriwa, na basi halibebi makochi, jokofu na vitanda vya watu wanne. Na yote yanategemea mahali alipoajiriwa. Mhasibu akitia saini mkataba mpya ofisini Dar baada ya kuwasili, mwajiri anaweza kusema ameajiriwa Dar, na kutoka Dar kurudi Dar hakuna nauli. Ndiyo maana barua itiwe saini Nairobi, kabla ya safari, na iandikwe wazi: mahali pa kuajiriwa ni Nairobi.

Baada ya nauli kuna kazi. “Utarudishwa kwenye nafasi inayofaa” ni ahadi isiyopimika. Ahadi inayopimika hutaja daraja lisilopungua lile aliloondoka nalo, mshahara usiopungua wa zamani ukiongezwa nyongeza walizopata wenzake wa daraja hilo, na tarehe ambayo kampuni itamwambia anarudi wapi. Miezi mitatu kabla ya kuondoka Dar ni muda wa busara kwa mtu mwenye watoto wa kuwatafutia shule. Mshahara wa Dar wenye nyongeza za ugenini hautarudi naye, na ni haki usirudi, mradi barua ilitenganisha tangu mwanzo mshahara wa msingi na malipo ya kuwa nje.

Barua pia inahitaji kutabiri kurudi kabla ya wakati, kwa sababu mara nyingi ndiko kunakotokea. Kibali kinaweza kukataliwa kuhuishwa. Kampuni tanzu inaweza kuuzwa. Mtoto anaweza kuugua, au mfanyakazi mwenyewe akashindwa kazi. Katika kila hali kuna kodi ya pango iliyolipwa miezi mbele, ada ya muhula na lori la mizigo, na mtu mmoja lazima azibebe. Mgawanyo wa haki ni huu: kampuni inabeba zote isipokuwa pale mfanyakazi alipoacha kazi kwa hiari bila sababu ya ugonjwa au familia, au alipofukuzwa kwa kosa kubwa lililothibitishwa. Hata hapo, kile anachotakiwa kurudisha kipungue kila mwezi aliokaa, ili aliyetumikia miezi 20 kati ya 24 asidaiwe gharama yote ya kuhamia. Nauli ya kurudi isiondolewe kwa hali yoyote, kwa sababu kazi ikikoma kibali cha ukaazi kilichotolewa kwa ajili ya kazi hiyo hakimpi tena msingi wa kubaki, na mtu asiye na nauli wala kibali yuko mahali pabaya. Mwisho, barua itaje kifo, cha mfanyakazi au cha yeyote kati ya wategemezi waliotajwa: kampuni itasafirisha mwili hadi nyumbani, italipa nauli ya familia inayousindikiza, na itaiachia familia nyumba ya Dar kwa muda uliotajwa kwa siku ili ifungashe na watoto wamalize muhula.